Kemo haitapishi siku ya kuchomwa tu: dhana potofu na ukweli

Mama mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, alichomwa kemo yake ya kwanza ya saratani ya titi Mwanza, siku ya Jumanne. Ulikuwa ule mchanganyiko wa saiklofosfamaidi na doksorubisini, dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Kabla ya dripu alipewa dawa za kuzuia kutapika, ondansetroni na deksamethasoni, na siku hiyo hakutapika hata mara moja. Jumatano akapanda basi, akapita Shinyanga na Nzega akiwa mzima, akafika nyumbani akala ugali. Alhamisi alfajiri alikuwa ameinamia beseni. Ijumaa mchana binti yake alinijia mbio, nami nikamkuta midomo imekauka na mkojo wa tangu asubuhi ni kidogo, rangi ya chai ya rangi. Mkobani mlikuwa na bahasha ya vidonge vya kuzuia kutapika alivyopewa aende navyo nyumbani. Hakuwa amemeza hata kimoja.

"Niliona sijatapika, mwanangu," akaniambia. "Nikasema nivitunze, nikizidiwa ndiyo nivimeze."

Mimi ni muuguzi, na maneno hayo nimeyasikia kwa wagonjwa wengi, ndiyo maana naanza na dhana hiyo: ukivuka siku ya kwanza bila kutapika, umeshapona kichefuchefu.

Sivyo. Kemo kali hutapisha kwa njia mbili, na kila njia ina saa zake. Ya kwanza huanzia tumboni. Ndani ya saa chache dawa husumbua seli za utumbo, nazo humwaga kemikali iitwayo serotonini, ambayo huchokoza neva inayopeleka habari kwenye kituo cha kutapika katika ubongo. Ondansetroni huziba mlango huo vizuri, na kazi yake kubwa ni saa 24 za mwanzo. Njia ya pili iko zaidi ndani ya ubongo wenyewe, inaendeshwa na kemikali nyingine iitwayo dutu P, na hushika usukani kuanzia siku ya pili hadi ya tano. Hapo ondansetroni peke yake haifui dafu. Aprepitanti huziba njia hiyo ya pili, kwa kawaida kidonge kimoja kwa siku, siku tatu mfululizo kuanzia siku ya kemo. Deksamethasoni husaidia njia zote mbili. Kwa hiyo vile vidonge vya kwenye bahasha si akiba. Vimepangiwa siku ambazo mgonjwa wetu wa mbali ameshaachana na daktari wake na yuko kwenye basi au kitandani kwake.

Nikaichukua ile bahasha nikaandika juu yake kwa kalamu siku ambazo vilipaswa kumezwa: Jumatano asubuhi, Alhamisi asubuhi. Deksamethasoni humezwa asubuhi, baada ya kula, kwa sababu ukiimeza jioni utakesha macho makavu. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, kwani hupandisha sukari. Lakini Ijumaa ile vidonge visingetosha tena, kwani kila alichomeza kilirudi. Tulimpeleka hospitali akatundikiwa maji na kuchomwa sindano ya kuzuia kutapika.

Hapo ndipo inapoangukia dhana ya pili, kwamba dawa ya kutapika humezwa ukianza kutapika. Kituo cha kutapika kikishawashwa, kukizima ni kazi kubwa kuliko kukizuia kisiwake. Ndiyo maana dawa hizi hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kemo, kisha zikafuata ratiba hata kama mtu anajisikia vizuri. Kuna sababu nyingine inayoniuma zaidi: aliyetapika sana mzunguko wa kwanza anaweza kuanza kutapika mzunguko unaofuata kabla hata dripu haijafungwa, kwa kunusa tu harufu ya wodi. Mwili umeshajifunza. Kutapika kwa namna hiyo ni kugumu kutibu, na kinga yake kubwa ni mzunguko wa kwanza kwenda vizuri.

Mzunguko wa pili, wiki tatu baadaye, binti alimweleza daktari siku na saa mama alipoanza kutapika. Maelezo hayo yalifanya kazi kubwa. Daktari akijua kwamba siku ya kwanza ilikuwa shwari na tabu ikaanza siku ya tatu, anajua ni mlango gani ulioachwa wazi. Aprepitanti ilikuwa ghali kwao, hivyo akaongeza olanzapini, miligramu 5, kila usiku kwa siku nne kuanzia siku ya kemo.

Wakafika nyumbani, mtoto wa kiume akatafuta jina la dawa kwenye simu. Jioni ile nikapigiwa: "Dada, mbona mama wamempa dawa ya vichaa?"

Olanzapini ni dawa ya wagonjwa wa akili, ni kweli, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Lakini dawa moja inaweza kufanya kazi zaidi ya moja. Hii huziba milango kadhaa ya kichefuchefu kwa mpigo, ikiwemo ya dopamini na serotonini. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wagonjwa wa kemo kali, wote wakiwa wamepewa dawa tatu za kawaida, nusu waliongezewa olanzapini. Waliomaliza siku zote tano bila kichefuchefu kabisa walikuwa 37 kati ya kila 100, na kwa wasioongezewa walikuwa 22. Si muujiza, ila ukiwa wewe ndiye uliyeinamia beseni, tofauti hiyo ni kubwa. Siku nne hazimfanyi mtu mgonjwa wa akili wala hazimfanyi ategemee dawa. Zinacholeta ni usingizi, hasa siku ya pili, na kizunguzungu ukiinuka ghafla, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala. Mzee asiende chooni usiku peke yake. Na usiichanganye na metoklopramaidi, dawa nyingine ya kutapika, uliyonunua duka la dawa bila kumuuliza daktari, kwa kuwa zote mbili huziba dopamini, na misuli inaweza kukakamaa au mtu akatetemeka.

Wengine, badala ya kuongeza dawa ya aina nyingine, huongeza ondansetroni juu ya ondansetroni. Mlango ulioshafungwa haufungwi mara mbili. Utakachopata ni kichwa kuuma na choo kigumu, na kwa mwenye shida ya moyo kuna hatari ya mapigo kuvurugika.

Halafu kuna hili la wazee wetu, kwamba anayetapika ndiye dawa inamfanyia kazi, anatoa sumu. Bibi mmoja alimnyima mjukuu wake vidonge kwa imani hiyo, kwa mapenzi kabisa. Kemo iliyopita kwenye mshipa haiko tumboni, hivyo ukitapika hutoi dawa wala saratani. Unatoa maji na chumvi. Asiyetapika hajapunguza chochote katika tiba yake.

Ila si kila kutapika ni kemo. Mgonjwa akitapika huku joto limefika nyuzi 38, msimtafutie dawa ya malaria dukani mkasubiri kuche. Kinga yake huenda imeshuka, na hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Vilevile akishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, au mkojo ukikatika.

Mama wa Ipuli alilala sana siku ya pili ya mzunguko ule, hadi binti akaniita nimtazame. Alikuwa anaamka akiitwa, anaongea vizuri, anarudi kulala. Alhamisi alikunywa uji wa ulezi asubuhi na mchuzi wa kuku jioni. Ijumaa kichefuchefu kilimjia kidogo akiwa jikoni, mafuta yalipoanza kuchemka, akatoka nje akakaa chini ya mwembe mpaka kikapita. Hakutapika.