Je, wajua? Ng'ombe huacha kutupa mimba bila kupona brusela

"Ng'ombe wangu alitupa mimba mwaka juzi, ila mwaka huu kazaa ndama mzima na maziwa anatoa vizuri. Kwa nini bwana mifugo anasema apimwe, na maziwa tusinywe mabichi?"

Kwa sababu kilichoisha ni kutupa mimba tu, si brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba na kuambukiza watu pia. Bakteria wa brusela wakishaingia mwilini hujificha kwenye tezi, hasa zile za juu ya kiwele, na wengi hubaki humo maisha yote ya mnyama. Mimba inapokomaa, kondo hutengeneza aina ya sukari ambayo bakteria hawa huipenda mno. Wanazaliana humo kwa wingi, kondo linaoza, ndama anakosa chakula na hewa. Ndiyo maana ng'ombe hutupa kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, mara nyingi wa saba, na mbuzi hutupa katika miezi miwili ya mwisho. Mimba ikitoka changa, ya mwezi mmoja au miwili, kwa kawaida tafuta sababu nyingine kwanza.

Ng'ombe wengi hutupa mara moja tu. Uzao unaofuata mwili umeshazoea, mimba inafika mwisho, na hapo ndipo wafugaji hudanganyika: ng'ombe huyo anamwaga bakteria kwenye maji ya uzazi, kwenye kondo, na kwenye maziwa, huku akionekana mzima kabisa. Dalili anazoweza kubaki nazo ni kondo la nyuma kugoma kutoka, kuchelewa kushika mimba, au uvimbe laini wenye maji kwenye goti la mbele. Kwa dume, tazama korodani moja iliyovimba.

Tuseme boma lina ng'ombe 12, na 8 wanakamuliwa. Kipimo cha kuanzia ni cha maziwa: mililita moja ya maziwa yaliyochanganywa ya wote 8 inatiwa tone la kitendanishi cha rangi, kisha inakaa saa moja kwenye joto la nyuzi 37. Kukiwa na kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya brusela, rangi hupanda na malai na kufanya pete ya buluu juu, maziwa chini yakabaki meupe. Pete inasema brusela huenda imo bomani, haisemi ni ng'ombe yupi. Tena maziwa ya dang'a au ya kiwele chenye ugonjwa huweza kuleta pete ya uongo, kwa hiyo ng'ombe wa namna hiyo asichanganywe.

Pete ikionekana, wote 12 watolewe damu shingoni, pamoja na dume na mitamba. Maji ya damu yaliyojitenga, mikrolita 30, yanachanganywa na kiasi hichohicho cha kitendanishi cha waridi kiitwacho rozi bengali kwenye kigae cheupe, kinatikiswa dakika 4. Yakitokea chengachenga, mnyama ana kingamwili. Kwa mbuzi kipimo cha pete hakifai. Wao hupimwa damu tu, na maabara nyingi huweka maji ya damu mikrolita 75 kwa kitendanishi 25 ili wasiponyoke wagonjwa.

Wengi hukosea kwenye muda. Ng'ombe aliyetupa jana anaweza kuonekana hana kitu, kwa kuwa kingamwili hazijapanda; mrudie baada ya wiki tatu. Aliyechanjwa naye anaweza kuonyesha ugonjwa asionao, basi mwambie mpimaji tarehe ya chanjo. Mwenye maambukizi yaliyothibitishwa hatibiwi. Atengwe, achinjwe, na asiuzwe kwa jirani kama wa kufuga.

Kwa binadamu, homa hupanda jioni na kushuka asubuhi, jasho usiku hadi shuka inalowa, mgongo na viungo vinauma kwa wiki nyingi. Inafanana sana na malaria. Katika utafiti wa wagonjwa wa homa waliolazwa hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, lakini waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kati ya 100. Kati ya wengine walipatikana wa brusela. Dawa zake ni za aina mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki 6, na anayeziacha wiki ya pili akijiona nafuu huugua tena.

Maziwa yachemshwe mpaka yapande, huku ukikoroga, ndipo yanywewe. Kugandisha mabichi hakutoshi, maana uchachu wa mtindi wa nyumbani hauui bakteria wote. Chemsha kwanza, poza hadi vuguvugu, kisha weka kijiko cha mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Na mimba iliyotupwa au kondo usiishike kwa mikono mitupu: vaa glavu ndefu, fukia kina cha mita moja au zaidi, mbwa wasifukue. Mkono wenye mchubuko ni njia ya kuambukizwa sawa na kikombe cha maziwa mabichi.