Sola na betri kwenye jengo la biashara linalokatikiwa umeme: dhana potofu na ukweli

Chukua jengo la ghorofa tatu Sinza, Dar es Salaam. Chini kuna duka la dawa lenye majokofu na saluni, juu kuna ofisi. Siku ya kazi linatumia uniti 180 hivi. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni mzigo ni kama kilowati 14, jioni hadi saa 4 usiku unashuka hadi 6, na usiku kucha unabaki 2.4. Jumapili nzima ni uniti 80 tu. Kwa mwezi linakaribia uniti 5,000, na kila uniti inalipiwa shilingi 356 hivi pamoja na kodi na tozo. Umeme ukikatika, mlinzi anawasha jenereta.

Mwenye jengo analetewa ofa ya paneli za kilowati 30 na betri ya lithiamu ya uniti 40, na karatasi moja inayoonyesha ataokoa kiasi gani. Karibu makosa yote ninayoyaona kwenye karatasi za namna hii yanatoka kwenye dhana chache zilezile. Nitazipitia kwa kutumia jengo hili la mfano.

Dhana: Jua likiwaka, sola inafanya kazi hata gridi ikikatika.

Inveta ya kawaida ya kuunganishwa na gridi huzima yenyewe umeme wa gridi unapokatika. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili isirudishe umeme kwenye waya ambao fundi wa shirika anaamini hauna kitu. Paneli zinaweza kuwa zimejaa jua la saa 7 mchana na jengo likabaki kimya. Ili sola iendelee, lazima kuwe na inveta inayoweza kusimamisha volti na masafa yenyewe, ikisaidiwa na betri.

Hata hiyo nayo ina mpaka wake. Gridi ikiwa haipo na betri imejaa, umeme unaozidi mzigo hauna pa kwenda. Inveta ya betri hupandisha masafa kidogo juu ya hezi 50, na inveta za paneli zikiona hivyo zinapunguza uzalishaji. Kwa hiyo hesabu inayochukua uzalishaji wote wa mwaka kana kwamba gridi ipo saa zote inampa mwenye jengo uniti ambazo hazitazalishwa kamwe. Pale umeme unapokatika sana mchana, pengo hilo si dogo.

Dhana: Sola inazalisha uniti 130 kwa siku, jengo linatumia 180, basi zote zitatumika.

Jumla ya siku haisemi lolote kuhusu saa. Siku ya jua safi, kilowati 30 juu ya paa hilo zinaweza kutoa uniti 132. Saa 6 mchana zinatoa kilowati 21 wakati mzigo ni 14, na saa 10 jioni zinatoa 5 tu. Ukipanga saa kwa saa, uniti 109 zinatumika papo hapo na 23 zinabaki ziada. Bila betri, jengo linajitosheleza kwa asilimia 61 siku hiyo. Ukiihifadhi ile ziada na kukubali kwamba sehemu ya kumi hivi inapotea njiani kuingia na kutoka kwenye betri, inafika karibu asilimia 72.

Jumapili mambo yanageuka. Jua ni lilelile, mzigo wa mchana ni kilowati 4 hivi, na ziada inapita uniti 80. Betri inajaa kabla ya adhuhuri na kinachobaki kinapotea, kama hakuna mkataba wa kuuza umeme kwenye gridi. Anayetumia “siku ya wastani” huichukua ziada ya Jumapili akaitawanya kwenye siku za kazi, ambako haipo. Hesabu inatakiwa ipite saa zote 8,760 za mwaka, siku za kazi na za mapumziko kila moja kwa sura yake, na masika iwemo.

Takwimu za jua za saa kwa saa unazipata bure kwenye PVGIS, huduma ya Tume ya Ulaya inayofika hadi Afrika. Kuna mtego mmoja hapo: muda wake umeandikwa kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Usipousogeza, kilele cha jua kinaangukia saa 3 asubuhi badala ya saa 6 mchana, na jedwali linaonekana sawa kabisa ilhali kila jibu lake ni kosa. Kabla ya kuamini chochote, chora siku moja ya jua safi na uangalie kilele kiko wapi.

Dhana: Mita ya LUKU inatosha kujua jengo linatumia nini.

Mita inapima gridi tu. Umeme ukikatika inasoma sifuri, ingawa jengo linaendelea kula kilowati 14 kutoka kwenye jenereta. Kwa hiyo mzigo unaukosa kwenye saa zilezile ambazo betri itahitajika. Ukiweka takwimu hizo kwenye hesabu, kompyuta inaona jengo lisilohitaji umeme wakati wa kukatika, na betri ndogo inaonekana inatosha. Dawa yake ni kufunga kipimo cha mkondo kwenye waya mkuu baada ya swichi ya kubadilisha kati ya gridi na jenereta, ili kisome mzigo wenyewe bila kujali umeme unatoka wapi. Kikae wiki kadhaa, na kirekodi kila dakika 15 au chini ya hapo.

Kwa historia ya kukatika, hazina kubwa mara nyingi iko kwa mlinzi: daftari la jenereta. Ukurasa mmoja una tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na lita zilizowekwa. Wastani wa saa za kukatika unaotangazwa kwa mkoa, kile kipimo kinachoitwa SAIDI, hauwezi kuchukua nafasi yake. Saa 10 za kukatika kwa mwezi zinaweza kuwa mara 20 za nusu saa, au usiku mmoja mzima. Za kwanza betri ya uniti 40 inazibeba bila shida. Usiku huo wa saa 10 ukianza saa 11 jioni unadai uniti 42 hivi, na jenereta itawaka tu.

Dhana: Betri ileile itapunguza bili kila siku na italinda jengo umeme ukikatika, zote kwa ukamilifu.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. Kupunguza bili kunataka betri iishe usiku, ili asubuhi iwe na nafasi ya kupokea ziada ya mchana. Ulinzi unataka betri iwe imejaa saa yoyote. Hesabu mbili zilizofanywa kando, moja ya akiba ya bili na moja ya akiba ya dizeli, kisha zikajumlishwa, zinaiuza betri hiyo mara mbili.

Kwenye jengo letu, tuseme betri haishuki chini ya asilimia 10, hivyo zinazotumika ni uniti 36. Ikiachiwa ifuate bili tu, uniti zilizoingia mchana zinaliwa jioni na usiku, na ikifika saa 12 asubuhi skrini ya inveta inasoma karibu asilimia 10. Sasa umeme ukatike saa 2 hadi saa 4 asubuhi, siku ya mawingu. Mzigo unadai uniti 28, sola inatoa 11 hivi, zinapungua 17. Betri haina kitu, inveta inajizima kwa kuelemewa, na jenereta inawaka. Kwa mzigo wa kilowati 14 jenereta ya kVA 30 inakula lita 5 hivi kwa saa. Dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, saa hizo mbili ni shilingi 30,000.

Badala yake, weka akiba: wakati gridi ipo, betri isishuke chini ya asilimia 55. Hapo kunabaki uniti 18 juu ya ile asilimia 10, ambazo zinaziba pengo la asubuhi ile kwa shida lakini zinaliziba. Gharama ya akiba hiyo ni ipi? Siku ya kazi yenye jua betri inapokea uniti 18 badala ya 22 au 23, kwa hiyo unapoteza shilingi 1,300 hadi 1,600. Jumapili unapoteza zaidi, karibu shilingi 5,700, kwa sababu ziada ni nyingi na nafasi ni nusu. Wiki nzima ya jua inafika kama shilingi 14,000 hadi 15,000. Upande wa pili, kukatika kumoja kulikozuiwa kunaokoa zile 30,000, ukitoa 6,700 hivi za kujaza akiba upya kutoka kwenye gridi. Kwa hiyo akiba inajilipa kama kukatika kwa namna hiyo kunatokea walau mara moja katika siku 10 au 11. Kwenye wiki za mawingu inajilipa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ziada ya kupoteza haipo.

Kishawishi kitakuwa kushusha akiba Jumapili pekee, kwa kuwa ndiko hasara iliko. Lakini betri iliyomwagwa Jumapili usiku ndiyo inayoikuta Jumatatu asubuhi. Jaribu viwango vya asilimia 10, 25, 40, 55 na 70 kwenye hesabu ileile, ukitumia saa za kukatika zilizotoka kwenye daftari, na ujumlishe bili pamoja na dizeli kwa kila kimoja. Kisha sogeza saa hizo za kukatika mbele na nyuma kwa siku kadhaa na urudie, maana mwaka ujao hautakatika kwa tarehe zilezile. Kiwango kinachobaki kizuri kwenye marudio mengi ndicho cha kuwekwa kwenye inveta. Mwenye duka la dawa anaweza kuchagua cha juu zaidi ya hapo, kwa kuwa dawa zikiharibika kwenye jokofu hasara yake haimo kwenye bei ya dizeli.

Dhana: Uniti zikitosha, mfumo unatosha.

Uniti 36 hazisaidii kama inveta ni ya kilowati 15 na pampu ya maji inawaka juu ya mzigo wa 14. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde chache, na wastani wa saa nzima hauoni kilele hicho. Ndiyo maana kipimo kirekodi pia kilele cha kila dakika, na pampu na viyoyozi vikubwa ikiwezekana vihamishiwe upande ambao betri haibebi.

Jenereta nayo ihesabiwe. Sola ikisukuma umeme wakati jenereta inafanya kazi, mzigo wa jenereta unaweza kushuka chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, na dizeli inayokimbizwa hivyo kwa muda mrefu huanza kutoa mafuta yasiyoungua kwenye bomba la moshi. Kwa hiyo katika saa ambazo jenereta inawaka, hesabu iizuie sola kwa kiasi hicho. Fundi anayekuletea ofa aulizwe inveta yake inafanya hivyo kwa mpangilio gani, na aonyeshe mahali hapo kwenye skrini.