Shikamoo haiishii kwenye marahaba

Nafundisha Kiswahili watu wazima waliokuja kuishi na kufanya kazi Tanzania, na karibu kila kundi jipya linaingia darasani likiwa na imani ileile: kwamba kumwamkia mkubwa ni jambo la maneno mawili, mdogo aseme shikamoo, mkubwa aitikie marahaba, kisha kila mmoja aendelee na lake. Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akimwelekeza mgeni wake kwa kujiamini kabisa, na nimeona heri niandike kuliko kuendelea kuguna.

Maneno mawili hayo ni sahihi. Anayekosea ni yule anayedhani kuwa salamu imekwisha hapo. Mtu aliyeitikiwa marahaba amefunguliwa mlango tu. Bado hajaulizwa hali, bado hajakaribishwa kusema, na zamu ya kuzungumza iko kwa mkubwa. Wanaolijua hili hawalifikirii hata kidogo, ndiyo maana hawawezi kulieleza wanapoulizwa, wakaishia kumfundisha mgeni nusu ya salamu.

Nichukue mfano ambao kila mkazi wa mjini ameupitia. Kijana anahitaji barua ya utambulisho, tuseme ya kufungulia akaunti benki, na barua hiyo huandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Anafika, anamkuta mwenyekiti ni mzee wa umri wa baba yake. Mazungumzo yanayokwenda sawa huwa hivi:

— Hodi.
— Karibu.
— Shikamoo, mzee.
— Marahaba. Hujambo?
— Sijambo.
— Habari za nyumbani?
— Nzuri.
— Wazee hawajambo?
— Hawajambo, ila baba homa imemshika kidogo.
— Pole sana, mfikishie pole zangu. Haya, karibu kiti.
— Ahsante. Habari za hapa, mzee?
— Hapa salama. Enhe, nipe habari.

Tazama nani anauliza. Baada ya marahaba, maswali yote ya mwanzo ni ya mwenyekiti, na kijana anajibu kwa neno moja moja bila kuharakisha. Tazama pia kwamba jibu linaanza kwa heri hata pale penye ugonjwa: hawajambo kwanza, homa baadaye, nyuma ya neno «ila». Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba huo ni uongo. Si uongo, kwa sababu kila aliye katika mazungumzo anajua kuwa habari yenyewe itakuja baada ya «ila», na mkubwa huwa anaisubiri.

Halafu kuna hilo swali moja la kijana. Hakumrudishia mwenyekiti «hujambo», ingawa kisarufi lingekuwa swali halali. Hujambo hushuka kwa urahisi kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, lakini likipandishwa kwa mtu uliyemwamkia sasa hivi linasikika kana kwamba umejipandisha cheo katikati ya salamu. Kijana aliuliza habari za hapa, yaani za ofisi na za mtaa mzima, na mzee yumo humo ndani bila kuhojiwa yeye mwenyewe. Nyumbani kwa mtu ungeuliza mnaendeleaje, kwa wingi, na jibu lingekuwa la kaya yote.

Mwisho, kijana hakutaja barua hadi alipoambiwa «nipe habari». Wengine husema «haya, niambie», wengine «lete maneno», wengine hunyamaza tu na kukuelekezea uso. Ishara ina sura nyingi, ila ni ya mkubwa kuitoa.

Sasa umlete kijana wa maneno mawili. Anaingia na kusema kwa pumzi moja: «Shikamoo mzee, habari yako, naomba barua ya utambulisho, nina haraka kidogo.» Maneno yote ya adabu yamo. Lakini hakuacha nafasi ya marahaba, na shikamoo ambayo haijapewa nafasi ya kuitikiwa ni sawa na ambayo haikutolewa. Mwenyekiti mpole atafanya jambo ambalo wageni huliona bila kulielewa: ataivuta marahaba, ndefu na nzito, halafu ataanza upya, «Hujambo?», kana kwamba barua haijatajwa kabisa. Mgeni hudhani mzee hakusikia, akarudia ombi lake kwa sauti ya juu zaidi, na hapo mambo huharibika kwelikweli. Mzee alisikia vizuri. Alikuwa anamrudisha mahali alipoparuka.

Mwenyekiti asiye mpole ataitikia marahaba kavu, asiongeze hujambo, na asubiri. Marahaba isiyofuatwa na swali ni dalili ya kuangaliwa: ama mkubwa ana shughuli nyingi, ama ana neno nawe. Pana hali moja ambapo ukavu huo hauna ubaya, nayo ni ya kupishana njiani. Unatoa shikamoo bila kusimama, unaitikiwa, pengine unaongezewa «za huko?», unajibu «salama» huku umeshapita. Hatua zipungue kasi kidogo, basi.

Kuhusu mwili nitasema kwa kifupi. Mkono wa salamu hutangulizwa na mkubwa, na mdogo huupokea. Mahali pengine mdogo hupiga goti, na kwa Wamaasai mtoto huinamisha kichwa ili mkubwa amguse. Mgeni asiyejua desturi ya mahali asiigize. Sauti ya kawaida na kusimama vizuri vinatosha.

Linalonichosha zaidi ni swali la umri, kwa sababu watu wanataka wapewe namba. Tofauti ya miaka mingapi? Hakuna namba. Mtu aliye rika la wazazi wako hana mjadala, na rafiki uliyesoma naye hana mjadala. Katikati hapo ndipo penye utata, na vitabu vya kufundishia hupafunika kwa kusema «mtu aliyekuzidi umri», kana kwamba sote tunatembea na vyeti vya kuzaliwa shingoni.

Utata wenyewe unatokana na kwamba marahaba nayo ni tendo. Anayeitikia marahaba anakubali kuwa yeye ni mkubwa kwako, na wapo wasiotaka. Mwamkie dada wa miaka thelathini na kidogo hali wewe una ishirini na nane, uone. Anaweza kucheka na kusema unamzeesha. Anaweza kuikwepa kimyakimya kwa kukujibu «salama tu, habari za leo?», na ukwepaji huo ni jibu kamili: anakuambia kwamba ninyi ni wenzi, basi msalimiane kama wenzi. Kosa kubwa hapo ni kung'ang'ania. Nimemwona mtu akirudia shikamoo mara ya pili akidhani hakusikika, na dada wa watu akalazimika kuitikia marahaba mbele ya wenzake walioanza kumcheka. Ukikwepwa, pokea ulichopewa, ujibu «nzuri», uendelee.

Upande wa pili upo pia. Yupo mwenye miaka michache tu kukuzidi ambaye hatasema kitu ukimpa «mambo», lakini hataisahau. Kwa hiyo ushauri wangu, nikilazimishwa kuutoa, ni kwamba penye shaka mwamkie: shikamoo iliyozidi huondolewa na kicheko palepale, na ile iliyopungua hukaa moyoni. Hata hivyo nakiri kwamba ushauri huu unafaa zaidi kwa mgeni kuliko kwa mwenyeji. Mwenyeji akimwamkia kila mtu hovyo huonekana anadhihaki, na dhihaka hiyo tunaijua, maana vijana huamkiana wenyewe kwa wenyewe kwa mzaha, na mchezaji mpira aliyekaa uwanjani miaka mingi hurushiwa shikamoo na mashabiki wasiokusudia heshima. Ladha ya neno hilo kama alama ya ukongwe ndiyo wanamuziki wa zamani wa Dar es Salaam waliyoichukua kwa fahari miaka ya 1990 walipoiita bendi yao Shikamoo Jazz.

Kazini umri na cheo hugongana. Meneja kijana na dereva aliyemzidi miaka ishirini: nani amwamkie nani? Katika ofisi nyingi nilizopita, meneja mwenye malezi humwamkia dereva, dereva akaitikia, kisha dereva huyohuyo akapokea maagizo ya safari kutoka kwa aliyemwamkia. Hakuna mgongano wowote, kwa kuwa salamu ilipanga umri na maagizo yakapanga kazi. Lakini nimeona pia watu wazima wakiwatolea shikamoo wakubwa wao wa kazi walio wadogo kwa umri, na sina hakika niite nini jambo hilo. Wengine huliona ni heshima kwa kiti. Mimi huliona linamwaibisha anayepokea, hasa akiitikia haraka. Anayejua huizima kwa upole kwa kuwahi kuamkia yeye kesho yake.

Ndani ya ukoo nako kuna mjomba mdogo kuliko mpwa wake. Hapa sina kanuni ya kukupa, kwa sababu nimeona koo ambazo mpwa mwenye mvi humwamkia mjomba kijana kwa sababu ya daraja lake katika ukoo, na nyingine ambazo wanaitana mjomba lakini salamu inafuata umri. Unapooa au kuolewa, angalia mwenzako anavyofanya kwao, kisha fuata. Ukiwakuta wakubwa wengi wameketi pamoja, shikamooni moja yatosha. Wakiwemo wenzako kati yao, waamkie wakubwa kwanza, kisha ndipo uwageukie rika lako kwa «habari zenu».

Swali ambalo huulizwa mwishoni mwa kipindi ni la mkutano wa pili wa siku hiyohiyo. Kwa kawaida shikamoo hairudiwi; jioni utauliza habari za tangu asubuhi, na hapo mdogo anaruhusiwa kuanza kuuliza, kwa kuwa daraja lilishapangwa. Watoto wadogo hurudia kila wanapokutana na mkubwa, na mkubwa huitikia kila mara, mara nyingi kwa kumgeuzia mtoto jina la mkubwa: «Marahaba, mama», kwa kabinti ka miaka minne.

Simu ina hila yake ndogo. Mkubwa akikupigia, utamsikia akisema «haloo» halafu anyamaze. Mtandao haujakatika. Anasubiri uamkie, ingawa yeye ndiye aliyepiga, kwa sababu aliyeanza kupiga hahusiki na nani anaanza salamu. Usijaze kimya hicho kwa «haloo, haloo, nani mwenzangu?» wakati jina lake umeliona kwenye kioo cha simu. Katika ujumbe wa maandishi tumelegeza kidogo: watu huandika shikamoo na ombi katika ujumbe mmoja, nami nimeacha kuwakosoa, kwa kuwa anayeandika hawezi kukaa nusu saa akisubiri marahaba. Lakini angalia majibu utakayopata kwa mama mkwe. Utaandika «Shikamoo mama, naomba namba ya fundi», naye atajibu «Marahaba, hujambo? Watoto?», bila namba. Jibu maswali yake mawili hayo kwanza; namba itakuja kwenye ujumbe unaofuata.