Dadu tano zilizofichwa: dai lako liende juu kiasi gani?

Mchezo huu unajulikana sana Peru na Chile kwa jina la dudo, neno la Kihispania lenye maana ya "nina shaka". Tuchukue hali ya watu wawili, kila mmoja akiwa na dadu tano chini ya kikombe chake. Unaona zako, huoni za mwenzako. Mmoja anatoa dai, kwa mfano "dadu tatu za nne", akimaanisha kwamba ukijumlisha vikombe vyote viwili, nne zipo tatu au zaidi. Mwingine ana njia mbili: apandishe dai, kwa idadi kubwa zaidi au kwa namba kubwa zaidi kwa idadi ileile, au alikatae. Likikataliwa, vikombe vinafunuliwa na nne zinahesabiwa. Zikitimia, aliyekataa anapoteza dadu moja. Zikipungua, anapoteza aliyedai. Katika dudo, dadu ya moja ni jokari, yaani inahesabika pamoja na namba yoyote iliyotajwa.

Dhana potofu: mezani kuna dadu kumi, kwa hiyo dadu tatu za namba yoyote ni dai salama

Hesabu inayozaa dhana hii si ya uongo. Moja zikiwa jokari, kila dadu ina pande mbili kati ya sita zinazokufaa, na theluthi ya kumi ni tatu na ushee. Kosa ni kuzihesabu dadu kumi kana kwamba zote zimefichwa, wakati tano kati ya hizo unaziangalia kwa macho yako.

Ukweli: uwezekano unahusu tu kile usichokiona. Kila dai ligawe mafungu mawili, ulichonacho na unachokihitaji kutoka upande wa pili. Ukidai dadu tatu za tano na mkononi una tano moja na jokari mmoja, unahitaji moja tu kutoka kwa mwenzako. Ukitoa dai lilelile bila tano wala moja hata kidogo, unahitaji tatu kutoka kwenye zile tano zake. La kwanza linatimia mara 87 katika 100, la pili mara 21. Maneno ni yaleyale, lakini hatari zake hazifanani hata kidogo.

Dhana potofu: dadu moja ina nafasi moja kati ya sita, basi dadu tano zina nafasi tano kati ya sita

Huku ni kujumlisha mahali pa kuzidisha. Kama ingekuwa hivyo, dadu sita zingetoa nne kwa uhakika kila zinaporushwa, na yeyote aliyewahi kurusha dadu sita anajua sivyo.

Ukweli: ni rahisi zaidi kuhesabu uwezekano wa kukosa kabisa, kisha kuuondoa kwenye mia. Bila jokari, dadu moja inakosa nne kwa pande tano kati ya sita. Ili zote tano zikose, zidisha 5/6 kwa yenyewe mara tano. Unapata takriban asilimia 40. Kwa hiyo kupata angalau nne moja ni asilimia 60, si 83. Jokari wakiwemo, dadu inakosa kwa pande nne kati ya sita, yaani 2/3. Zidisha mara tano upate 32/243, takriban asilimia 13, na zilizobaki 87 ndizo nafasi za kupata angalau moja.

Ukiendelea hivyo kwa mbili, tatu na nne, dadu tano zilizofichwa zinakupa jedwali hili. Linatosha kukaririwa, na sehemu kubwa ya mchezo wa watu wawili imo humu:

| Unahitaji angalau | Moja ni jokari | Hakuna jokari |
|---|---|---|
| 1 | 87% | 60% |
| 2 | 54% | 20% |
| 3 | 21% | 3.5% |
| 4 | 4.5% | 0.3% |

Dhana potofu: kupandisha dai kwa moja ni hatua ndogo

Mdomoni ni hatua moja tu, kutoka nne hadi tano. Mezani ngazi hii haina vipandio vinavyolingana. Safu ya jokari inaanguka kutoka 87 hadi 54, kisha 21, kisha 4.5. Kwa hiyo anza na idadi uliyonayo mkononi, jokari wakiwemo. Ongeza moja, na dai lako ni imara. Ongeza mbili, na uko katikati, ukiegemea kidogo upande wa kushinda. Ongeza tatu, na unategemea mwenzako aogope kukataa, kwa sababu akikataa utapoteza karibu mara nne katika kila tano.

Mahali wengi wanapoumia ni pale wanapozoea kuongeza mbili kisha wakacheza raundi isiyo na jokari. Dudo ina raundi ya namna hiyo: kwa kawaida, mchezaji anapobakiwa na dadu moja kwa mara ya kwanza, raundi inayofuata huchezwa moja zikiwa moja tu. Iwapo mwenzako bado ana dadu tano, kuongeza mbili kunashuka kutoka 54 hadi 20. Katika raundi hiyo, kuongeza moja kwenyewe, asilimia 60, ndiyo bahati nasibu ya kati.

Dhana potofu: moja ni jokari, basi kudai moja ni rahisi kuliko namba nyingine

Ni kinyume chake. Anayedai nne anasaidiwa na nne pamoja na moja. Anayedai moja anasaidiwa na moja peke yake, hivyo anasoma safu ya "hakuna jokari" hata kama jokari wanatumika. Ndiyo maana kanuni ya dudo inakuruhusu kugawa idadi kwa mbili unapohamia kwenye moja, ukikamilisha kwenda juu: baada ya dadu tano za nne unaweza kusema dadu tatu za moja. Punguzo hilo linaonekana kama zawadi, lakini linafidia tu kwamba moja hutokea nusu ya mara.

Dhana potofu: raundi iliyopita nne zilijaa, sasa hazitarudi

Dadu hazikumbuki. Kila zikitikiswa, jedwali ni lilelile. Kitu pekee kinachobadilisha uwezekano ndani ya raundi ni maneno ya mwenzako, na hilo linastahili nafasi zaidi.

Dhana potofu: jedwali likisema 54, kataa au usikatae, ni sawa tu

Tuseme umefunua kidogo kikombe chako na kuona 4, 4, 1, 2, 6. Mkononi una nne tatu, kwa kumhesabu jokari. Mwenzako anasema: "Dadu tano za nne."

Dai lake linahitaji nne mbili kutoka kwake. Kwa jedwali tupu lina asilimia 54, hivyo ukikataa unashinda mara 46. Sasa pima njia za kupandisha, ukichukulia kwamba yeye naye atakataa. Dadu sita za nne zinahitaji tatu kutoka kwake: 21. Dadu tano za sita: una sita moja na jokari, unahitaji tatu tena, 21 vilevile. Dadu tatu za moja: una moja, unahitaji mbili kwenye safu ya pili, 20. Njia zote tatu ziko chini sana ya 46, kwa hiyo kwa jedwali peke yake, kataa.

Lakini mwenzako hakuitaja nne kwa kupiga kura. Yeye anaziona dadu zake. Tuseme unamjua ni mtu asiyetaja namba asiyokuwa nayo hata moja. Hapo unaondoa zile mara 13 ambazo angekuwa hana kitu, na 54 inakuwa sehemu ya 87 badala ya sehemu ya mia. Dai lake linapanda hadi asilimia 62, na kukataa kwako kunashuka hadi 38. Dadu sita za nne zinapanda hadi 24. Bado kukataa ni bora, ila pengo limepungua. Angalia pia kwamba dadu tano za sita hazipandi kiasi hicho, zinafika takriban 23 tu, kwa kuwa maneno yake yalihusu nne. Ukipandisha, kaa kwenye namba aliyoisifu yeye.

Je, ni lini kupandisha kunashinda? Iwapo kweli ana mbili au zaidi, uwezekano kwamba ana tatu au zaidi ni asilimia 39. Jiulize: katika madai yake ya namna hii, mara ngapi huwa anazo hizo mbili? Kama ni zaidi ya takriban mara 72 katika 100, dadu sita za nne ni bora kuliko kukataa, hata kama atakataa kila mara. Chini ya hapo, funua vikombe. Kwa mtu usiyemjua, usidhani anafika 72.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Mwenzako hakatai bila kuangalia. Mwenye nne tatu hatakimbilia kukataa, mwenye moja atakataa haraka. Kwa hiyo ukipandisha na akakataa, kukataa kwenyewe ni dalili kwamba kikombe chake ni dhaifu, na nafasi yako ya kweli iko chini ya ile uliyoihesabu. Faida unayoirudisha ni zile mara ambazo hakatai bali anapandisha tena, na zamu ya kuhukumu inarudi kwako.

Dhana potofu: ukishajua jedwali, unalitumia mchezo mzima

Jedwali hili ni la dadu tano zilizofichwa. Mwenzako akipoteza moja na kubaki na nne, kuhitaji moja kunakuwa asilimia 80, na kuhitaji mbili kunashuka hadi 41. Akibaki na tatu ni 70 na 26. Tazama kinachoanguka zaidi: kuongeza moja bado kunashika, lakini kuongeza mbili, ambako mwanzo kulikuwa zaidi ya nusu, sasa ni dai la kudanganya. Na unaohesabu ni upungufu wa dadu zake, si zako. Ukipoteza wewe, kilichofichwa kwako bado ni tano na asilimia zako hazibadiliki; ni yeye ambaye sasa anakusoma kwa jedwali la dadu nne.