Kubadili taaluma: dhana potofu kuhusu akiba, mshahara mdogo na gharama za kujifunza upya

Tumchukue karani wa hesabu anayetaka kuhamia kazi ya uchambuzi wa data. Mshahara anaoupokea mkononi kila mwezi tuuite 100, ili kila msomaji aweze kuugeuza kwa fedha anayoitumia. Kodi ya nyumba, chakula, nauli, bima na marejesho ya mkopo humla 70, mambo ya hiari 20, na 10 huiweka. Ana akiba ya 420, tukiuhesabu humo na mshahara wake wa mwisho.

Dhana: Mwenye akiba ya dharura ya miezi sita anaweza kuacha kazi na kwenda kusoma.

Ukweli ni kwamba akiba ya dharura imewekwa kwa ajili ya jambo lisilotarajiwa, kama vile ugonjwa au kuachishwa kazi ghafla, ilhali kubadili taaluma ni jambo unalolipanga mwenyewe na lina bajeti yake. Karani wetu anahesabu kwamba 420 ni matumizi ya lazima ya miezi sita, na kozi nayo ni ya miezi sita, basi mambo yanalingana. Hayalingani. Ada ni 90, na kompyuta inayofaa pamoja na ada ya mtihani ni 30, na fedha hizo hutoka mwanzoni. Zinabaki 300, ambazo kwa matumizi ya 70 kwa mwezi zinamwishia ndani ya mwezi wa tano, kabla hajamaliza kozi.

Hata angefika mwisho wa kozi, cheti si mshahara. Tukikadiria miezi miwili ya kutafuta kazi, na mwezi mmoja zaidi wa kufanya kazi akisubiri malipo ya mwisho wa mwezi, ambao watu wengi husahau kuuhesabu, tunapata miezi tisa. Matumizi ya lazima peke yake yanakuwa 630, na ukiongeza zile 120 za masomo unafika 750. Nami ningemsihi abaki na angalau miezi mitatu ya akiba ya dharura isiyoguswa kabisa, kwa sababu mtoto haachi kuugua eti kwa kuwa mzazi yuko masomoni.

Dhana: Gharama ya kujifunza upya ni ada.

Gharama kubwa zaidi kwa kawaida ni mshahara usioupata unaposoma. Kwa karani huyu ada ni 90, lakini mishahara ya miezi sita anayoiacha ni 600. Ndiyo maana kozi ya jioni ya mwaka mzima, ingawa inachosha, mara nyingi huwa nafuu kuliko kozi fupi ya kutwa, hata kama ada zake zinalingana. Akisoma jioni, akiendelea kuweka ile 10 na kupunguza nusu ya matumizi ya hiari, atakusanya 240 kwa mwaka, atalipa zile 120, na atabaki na 120 juu ya akiba yake ya 420 ambayo hajaigusa. Aidha, atatafuta kazi mpya akiwa bado na kazi, kwa hiyo hatalazimika kukubali mshahara wowote atakaotajiwa.

Dhana: Mshahara ukipungua kwa asilimia 35, maisha yanabanwa kwa asilimia 35.

Punguzo haligawanyiki sawasawa, kwa kuwa mwenye nyumba na mkopeshaji hawapunguzi chochote. Mshahara mpya wa 65 unaifuta ile 30 yote ya hiari na akiba, kisha unaacha pengo la 5 kila mwezi hata kwenye mahitaji ya lazima. Ikiwa nyongeza haitarajiwi kabla ya mwaka, pengo hilo ni 60, na liwekewe fedha kabla ya kuhama.

Ulinganisho ufanywe kwa fedha ya mkononi, kwani penye viwango vya kodi vinavyopanda na kipato, mshahara mdogo hukatwa sehemu ndogo zaidi. Lakini bima ya afya, posho na mchango wa mwajiri kwenye pensheni vikipotea, punguzo halisi huwa kubwa kuliko linavyoonekana kwenye barua ya ajira.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kujaribu kuishi kwa 65 kwa miezi mitatu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, huku zile 35 zikihamishiwa akaunti nyingine siku ileile mshahara unapoingia. Ukijikuta unazirudia katika mwezi wa pili, angalia ulizirudia kwa ajili ya nini. Mara nyingi utakuta ni malipo yasiyokuja kila mwezi, kama karo au bima ya mwaka, ambayo hayakuwamo katika hesabu ya 70. Yajumlishe yote, ugawe kwa 12, uongeze kwenye matumizi ya lazima, kisha upige upya hesabu ya miezi tisa.