Ripoti ipo, barua ya nini tena?

Je, kama ripoti ya mtoto ina alama zote, kwa nini shule anayohamia bado inataka barua ya mwalimu wa darasa?

Kwa sababu alama hazisemi zimetoka wapi. Kwenye shule ya msingi Tanzania, kuanzia madarasa ya kati kila somo huwa na mwalimu wake, na anayemwona mtoto kila asubuhi ni mwalimu wa darasa, yule anayeita majina na kujaza daftari la mahudhurio.

Tuchukue mwanafunzi wa Darasa la Tano anayehama Iringa kwenda Dodoma mwezi Julai. Ripoti ya Juni inaonyesha hisabati 38, Kiswahili 71. Mwalimu wa taaluma anayempokea akiishia hapo, atasema hesabu hazipandi, labda arudie Darasa la Nne. Lakini barua, chini ya ule mstari wa "YAH:", inaeleza hivi: "Machi na Aprili alikosa siku 23 kwa kumuuguza bibi yake. Mada ya sehemu ilifundishwa akiwa hayupo. Hesabu za kuzidisha na kugawanya anazifanya bila msaada."

Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo muhula ni kama siku 97. Ukikosa 23, umepoteza karibu robo ya muhula. Mtoto huyo hahitaji kurudia darasa. Anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye mada hiyo ya sehemu kwa wiki chache.

Barua mbovu hujulikana mara moja. "Ni mtiifu, mwenye bidii na anashirikiana na wenzake" inamfaa mtoto yeyote, ukibadilisha jina tu. Barua ikisifu kila kitu ila nidhamu ikaikwepa, au isitaje sababu ya kuhama, mwalimu mkuu anayepokea hunyanyua simu. Ikisema mahudhurio ni mazuri huku ripoti ikionyesha mitihani miwili haikufanywa, hata yale ya kweli yaliyomo hayatasadikiwa. Binafsi naona sentensi moja ya udhaifu ulioelezwa vizuri humsaidia mtoto kuliko sifa kumi.

Barua hii, hata hivyo, haihamishi mtu. Uhamisho wenyewe hupitia kwa walimu wakuu wa pande zote mbili, na taarifa za mwanafunzi huhamishwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, NECTA, kwa namba yake. Ya mwalimu wa darasa huambatanishwa tu, ikiwa na tarehe, sahihi na muhuri wa shule. Mzazi aiombe kabla shule haijafungwa, maana likizo ikianza mwalimu husafiri, na daftari la mahudhurio hubaki limefungiwa kabatini ofisini.