Madaftari yaliyochanganyika: dhana potofu kuhusu kuhesabu mizunguko

Wanafunzi wanne, Amina, Baraka, Chausiku na Daudi, wamerudishiwa madaftari, kila mtu moja, ila yamechanganyika. Amina ameshika la Baraka, Baraka la Chausiku, Chausiku la Amina, na Daudi amepata lake. Ukianza kwa Amina na kufuata majina yaliyoandikwa juu ya madaftari, unapita kwa watatu na kurudi ulikoanzia. Huo ni mzunguko mmoja, na Daudi ni mzunguko wa pili.

Madaftari manne yanaweza kugawiwa kwa njia 24. Zenye mizunguko miwili kamili ni 11. Wanaokosea kwa kawaida huleta 3, 7 au 14, na kila jibu hutoboa siri ya kosa lake.

Dhana: Aliyepata daftari lake hahesabiwi. Hapo ndipo 3 inapotoka: wanabaki wale tu waliobadilishana wawili kwa wawili. Ukweli ni kwamba mtu aliyeshika lake ni mzunguko wa urefu wa 1, na huhesabiwa kama mingine. Wote wanne wakipata yao, mizunguko ni 4, si sifuri.

Dhana: Ukishajua nani wako kundi moja, umemaliza. Kundi la watatu na mmoja pembeni hupatikana kwa njia 4, makundi mawili ya wawili kwa njia 3, jumla 7. Lakini watatu wale wana njia mbili za kuzungushiana: Amina anaweza kushika la Baraka au la Chausiku, na hizo ni hali tofauti. Kwa hiyo 4 × 2 + 3 = 11. Kwa ujumla watu m hufanya mzunguko mmoja kwa njia (m − 1)!, si m!, maana mzunguko hauna mwanzo: kuanza kusoma kwa Amina au kwa Baraka ni mamoja.

Dhana: Wawili kati ya wanne huchaguliwa kwa njia 6, basi 8 + 6 = 14. Ukichagua Amina na Baraka, waliobaki ni Chausiku na Daudi. Ukianza na Chausiku na Daudi, umerudi palepale. Kila mgawanyo umehesabiwa mara mbili, hivyo 6 hugawanywa kwa 2.

Dhana: Mtu wa tano ana nafasi nyingi kama mizunguko iliyopo. Hili ndilo kosa zito, kwa kuwa linaharibu kanuni yenyewe. Tuite c(n, k) idadi ya mipangilio ya vitu n yenye mizunguko k. Ndizo namba za Stirling za aina ya kwanza, bila alama ya kutoa. Sasa Eliya anaingia na daftari lake. Akibaki nalo, ni mzunguko mpya, kwa hiyo wale wanne lazima wawe na mzunguko mmoja pungufu. La sivyo anamchagua mtu yeyote, anachukua daftari aliloshika, na kumwachia lake. Idadi ya mizunguko haibadiliki. Watu wa kuwachagua ni wanne, hata mizunguko iwe mingapi, kwa sababu Eliya haingii tu kwenye mzunguko: anaingia mbele ya mtu fulani ndani yake.

Hakuna kinachohesabiwa mara mbili, kwani njia ya kurudi ni moja tu. Eliya akitoka, anamkabidhi daftari alilonalo yule aliyeshika la Eliya. Hivyo:

c(n + 1, k) = n · c(n, k) + c(n, k − 1)

Mstari wa 4 ni 6, 11, 6, 1, kuanzia k = 1. Basi c(5, 2) = 4 × 11 + 6 = 50, na mstari wa 5 ni 24, 50, 35, 10, 1. Jumla yake ni 120, yaani 5!. Ukizidisha kwa k badala ya 4 unapata 6, 28, 29, 10, 1, jumla 74. Ukizidisha kwa 5, kwa kudhani Eliya ana nafasi tano pamoja na ile ya peke yake, jumla inakuwa 144: ile ya peke yake imehesabiwa mara mbili.

Dhana: Jumla ikiwa n!, mstari ni sahihi. Makosa mawili yanaweza kufutana. Pima pia kwa kuruka: kuanzia n = 2, nafasi za k shufwa na za k witiri hutoa jumla sawa. Hapa 24 + 35 + 1 = 60, na 50 + 10 = 60. Hata hivyo ukibadilisha nafasi za 24 na 35, vipimo vyote viwili hupita. Kwa hilo tazama ncha: ya kwanza lazima iwe (n − 1)!, na ya pili kutoka mwisho n(n − 1)/2, ambayo hapa ni 10.